Gari ya dola 4,800 iliyotuachia hasara

Leo hatuandiki juu ya shimo wala juu ya bei ya dhahabu. Tunaandika juu ya gari.

Kila mwaka, mvua ikianza kukatika, mazungumzo yaleyale yanarudi. Kikundi kikipata kidogo, mtu mmoja anasimama na kusema: "Pesa ikikaa ndani ya nyumba itaisha. Twende Uvira, tununue motokari moja, tuitengeneze, tuiuzishe Baraka." Anayesema hivyo si mjinga. Bei ya Uvira na bei ya Baraka si moja, na kila mtu anajua jamaa fulani aliyetosha faida ya dola elfu moja kwa mwezi mmoja. Lakini yule aliyepoteza hatembei akisimulia. Basi sisi tutasimulia, sababu mwaka 2024 tuliingia katika biashara hiyo, na pesa tuliyoingia nayo haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya muso yetu.

Tulinunua Toyota RAV4 ya zamani, ile ya kizazi cha kwanza yenye milango mitano, kwa dola 3,000. Tukaiuzisha kwa dola 4,800. Siku ile watu walitupigia makofi, na wengine walitaka soda palepale. Hata sisi wenyewe tuliamini tumepata. Ni mama mwenye kuchunga kesi aliyefungua daftari yake kwa siku mbili, kisha akatuita: "Baba zangu, mukae kwanza. Hii gari imetukula."

Tulivyopiga hesabu mbele ya kununua

Tuseme ukweli, hatukwenda kama vipofu. Tulikuwa na karatasi. Tulijua kwamba RAV4 ya namna ile, ikiwa inatembea vizuri, inapata mtu Baraka kwa dola 4,800 hivi. Tuliandika komisio ya Baraka 240, komisio ya Uvira 150, kuileta kwa barabara 120 pamoja na mafuta, dereva na vizuizi vya njiani, na mlinzi wa kuilinda 80. Fundi alisema matengenezo ni 400. Makaratasi tuliandika 150, hivi tu, bila kumuuliza mtu. Ukitosha hayo yote na zile 3,000 za kununua, zinabaki 660. Tukasema: hii ni kazi nzuri kupita kuchimba.

Angalieni ile karatasi. Namba mbili tu ndizo zilikuwa za kubahatisha: matengenezo na makaratasi. Ni hizo mbili zilizotuua.

Fundi alikuwa wa nani?

Tulifika Uvira mwezi wa sita. Komisioneri alitupokea vizuri, akatuonyesha gari tatu, na ile RAV4 ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa. Mwenye nayo aliomba 3,200, tukamushusha mpaka 3,000, tukajiona wajanja. Tulipotaka mtu wa kuiangalia, komisioneri akasema: "Musihangaike wakubwa, niko na fundi wangu hapahapa." Fundi akafungua boneti, akawasha, akasikiliza mota, akasema amortisa na rotili za mbele zimekufa, batri imechoka, mengine ni mazuri. Dola 400 pamoja na kazi yake.

Hakusema uongo juu ya alichokisema. Amortisa zilikuwa zimekufa kweli. Lakini fundi yule alikuwa akila na komisioneri, na komisioneri anakula siku gari inapouzwa. Hakuna aliyemulipa ili aseme "musinunue". Kumulipa fundi wetu wa Baraka nauli na siku yake ingetugharimu kama dola 30 au 40. Tuliona ni pesa ya bure.

Kitu alichokiacha ni hiki. Uvira ni mji wa maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na watu. Na mwaka 2024 ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda, likaingia katika mitaa ya kando ya ziwa pale Uvira, na ng'ambo ya mpaka pale Gatumba, Burundi. Gari nyingi zilisimama ndani ya maji siku nyingi. Maji yakipunguka, gari inasafishwa, inaanikwa, inawashwa, inawaka. Mwenye nayo anaiuzisha upesi mbele ya ugonjwa kutoka nje.

Gari iliyolala ndani ya maji haifi siku ile. Nyaya nyingi zinapita chini ya kapeti, na pale waya moja inapochomekwa kwenye nyingine kuna shaba iliyo wazi. Maji yakikaa pale, shaba inaanza kuota kutu ya kijani, polepole. Mwezi wa kwanza hauoni kitu. Mwezi wa pili taa ya dashibodi inawaka bila sababu, mota inazima ikipata moto, ukipumzika kidogo inawaka tena. Fundi anabadilisha hiki, anabadilisha kile, na wewe unalipa kila mara.

Alama zake zinaonekana, na hazihitaji shule. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa, usiuvute nusu. Watu wanaosafisha gari wanasahau ile sehemu inayolala ndani, na ndiyo inayobaki na mstari wa matope. Inua kapeti chini ya miguu ya dereva, uweke mkono: kama pana ubichi au mchanga laini wa ziwa, uliza. Angalia bulo zinazoshika viti kwenye sakafu. Kama zina kutu nyekundu na juu kote ni safi, maji yalifika pale. Angalia ndani ya kioo cha taa za mbele kama pana mstari wa maji. Na gari ya kazi ikinukia marashi makali, jiulize yanaficha nini.

Sisi tulikuja kuvuta mkanda mwezi wa nane, gari ikiwa tayari Baraka. Mstari wa matope ulikuwa pale, umekauka, rangi ya kahawia, kama mtu aliupima kwa rula.

Njia ya kurudi, na pineu

Kutoka Uvira mpaka Baraka ni kama kilometa 90 kandokando ya ziwa, lakini wanaoijua barabara ile wanajua kwamba kilometa hazisemi kitu. Mbele ya kufika Swima pineu moja ya nyuma ilipasuka. Tulishangaa, maana meno yake yalikuwa marefu kama mpya. Dereva ndiye aliyetuonyesha. Ubavuni mwa pineu kuna herufi DOT, na mwisho wa maandishi yale kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu ilisoma 1109, maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2009. Ilikuwa na miaka 15! Mpira ulikuwa umekauka na kupasukapasuka pembeni, ingawa haukutembea sana. Zote nne zilikuwa hivyo. Hatungeweza kuiuzisha gari katika hali ile, na hata kama ingewezekana hatungetaka damu ya mtu. Pineu nne za okazyo zilitugharimu 240, na katika karatasi yetu ya kwanza hazikuwemo hata moja.

Amortisa na rotili zilikula 180, batri 80, kama fundi alivyosema. Kisha umeme ukaanza. Dinamo ilikufa. Nyaya za chini zilifunguliwa, zikakatwa, zikaungwa upya. Kompyuta ndogo ya mota ilitafutwa ya okazyo Bujumbura, ikafika baada ya wiki tatu. Umeme peke yake ulikula 310. Kazi ya fundi ikawa 150. Jumla ya matengenezo ikawa 960, si 400.

Na ona jambo lingine: gari tuliyodhani itauzwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi ambapo watu wanasafiri na kununua, ilikuwa tayari mwisho wa mwezi wa tisa. Mvua ilikuwa imerudi, na mvua ikirudi kwetu, mtu mwenye pesa anaangalia barabara kwanza ndipo aangalie gari.

Jina lililo kwenye karti rozi

Makaratasi ndiyo watu wengi wanayadharau, kwa sababu gari inatembea hata bila makaratasi, mpaka siku isiyotembea.

Tulipewa karti rozi Uvira, tukaona muhuri, tukafurahi. Hatukusoma jina. Jina lilikuwa la mtu wa Bukavu. Huyo alimuuzishia mfanyabiashara wa Uvira, naye akamuuzishia yule aliyetuuzishia sisi, na katikati hakuna aliyehamisha jina. Mbele ya serikali, gari ilikuwa bado ya mtu wa Bukavu. Gari hiyo ikigonga mtu, watamutafuta yeye. Na yeye akisema imeibiwa, watatutafuta sisi.

Ili kuhamisha jina, jambo ambalo wenye ofisi wanaita mitasyo, unahitaji hati ya mauzo ya kila mkono gari ilipopita. Kati ya mtu wa kwanza na wa pili hati ilipotea. Tulirudi Uvira mara mbili kumutafuta mfanyabiashara yule, ili amuombe mwenzake wa Bukavu atie sahihi nyingine. Safari hizo mbili, nauli, kula na kulala, zilikula 130.

Mara ya pili tukakuta shida nyingine. RAV4 ile ina namba ya shasi iliyopigwa kwenye bati la ndani ya boneti, ule ukuta unaotenganisha mota na watu. Yetu inaanza na SXA11, kisha namba nyingine saba. Kwenye bati palikuwa na 8, kwenye karatasi ya duane palikuwa na 6. Mtu mmoja, siku moja, aliandika vibaya au alisoma kutu. Lakini kwa macho ya ofisi, gari yenye 8 haikulipa duane, na ile yenye 6 haionekani. Kusahihisha kulituchukua siku nne. Ingetuchukua dakika tano kama tungesoma bati lile siku ya kununua, tukiwa bado na pesa mfukoni.

Hapa kuna jambo la kukumbuka kwa gari za zamani. Toka mwaka 2012 serikali ilitoa dekreti inayokataza kuingiza inchini gari ya okazyo iliyopita miaka 10. Gari ya 1998 yenye karatasi ya duane iliyoharibika au isiyokuwepo haiwezi kurudi mpakani na kuanza upya kwa urahisi kama gari changa. Karatasi yake ya zamani ndiyo maisha yake. Ikikosekana, umenunua vyuma na pineu, si gari.

Kuhamisha jina na hati zake kulitugharimu 130. Vinyeti ilikuwa haikulipwa miaka miwili. Deni hilo lilituangukia sisi, tukalipa 90 pamoja na faini. Asiransi, ambayo mnunuzi wetu aliidai mbele ya kutosha pesa, 60. Pamoja na safari zile, makaratasi yakawa 410. Hizi ni pesa zilizotoka mfukoni mwetu katika kesi yetu. Musizichukue kama bei ya serikali. Mutu aende kwenye ofisi aulize, na adai risiti kwa kila franga.

Komisioneri wa Baraka

Sasa tufike pale panapochoma. Hatutaki kusema kwamba makomisioneri wote ni wezi. Komisioneri wa Baraka alifanya kazi. Alitembea na picha ya gari kwenye simu mpaka Fizi juu na mpaka Lulimba, alileta watu sita kuiangalia, na bila yeye gari ingeota majani kwenye kiwanja chetu. Tulipatana naye asilimia tano. Kwa 4,800, hiyo ni 240. Tulikubali na tukalipa.

Siku ya kutia sahihi hati ya mauzo, tuliandika 4,800. Mnunuzi, kijana wa hapahapa, akasimamisha kalamu: "Yaya, hapa munaandika 4,800 sababu gani? Mimi nimetosha 5,000." Pale watu wote walinyamaza. Komisioneri akaangalia chini, kisha akatujibu bila haya: "Wakubwa, ninyi mulitaka 4,800, mumepata 4,800. Ile ya juu ni jasho langu."

Hiyo ndiyo desturi, na wengi wetu tunaijua: komisioneri anamuambia mwenye gari bei moja, anamuambia mnunuzi bei nyingine, anameza ya katikati, kisha anaomba komisio kwa mwenye gari juu yake. Wetu alikula 240 zetu na 200 za kujificha. Katika biashara nzima yeye ndiye mtu wa Baraka aliyepata zaidi, na hakuweka hata franga moja.

Tulimuomba angalau zile 200 zirudi. Hakurudisha. Na hatukuwa na karatasi yoyote tuliyoandikiana naye, isipokuwa maneno ya mdomo chini ya mwembe.

Hesabu ya mama wa kesi

Basi mama alituandikia hivi. Kununua 3,000. Komisio ya Uvira 150. Barabara 120. Matengenezo 960. Makaratasi 410. Mlinzi 80. Jumla iliyotoka ni 4,720. Iliyoingia ni 4,800, ukitosha komisio 240 zinabaki 4,560. Tumepoteza 160.

Mtu akasema, 160 si kitu, ni ajali ya njia. Mama akamujibu kwamba bado hajamaliza. Zile 3,000 zilitoka katika muso, na muso yetu inakopesha wanachama kwa asilimia tatu kwa mwezi. Kama zingebaki kazini, toka mwezi wa sita mpaka wa kumi zingeleta 360. Wamama watatu walinyimwa mkopo mwezi wa saba kwa sababu kesi ilikuwa imekauka, na mmoja alikuwa na mtoto wa kulipia shule. Kwa hiyo muso ilipoteza 520. Kwa sisi wa dhahabu, tuseme hivi: kwa bei ya dunia ya mwezi ule wa kumi, 520 ni zaidi kidogo ya nusu tola ya dhahabu safi. Nusu tola, kutoka jasho la watu 22.

Mbona basi tulidhani tumefaidika? Sababu pesa ilitoka kidogokidogo. Leo 40 kwa fundi, kesho 15 za nauli, kesho kutwa noti ya mia iliyokatika pembe ambayo muuzaji wa piyesi alikataa mpaka tukaibadilisha kwa hasara. Kisha 4,800 zikaingia siku moja, zote mkononi. Jicho linakumbuka rundo, halikumbuki matone.

Kuanzia mwisho

Baada ya hapo tulikaa na mama tukaandika upya namna ya kupiga hesabu, na ndiyo tunayotaka wandugu wa vikundi vingine waijaribu. Hauanzi na bei ya kununua. Unaanza na bei ya kuuzisha, ile ambayo umeona mtu ameilipa kweli, si ile inayoombwa. Kwetu 4,800. Unatosha mambo unayoyajua hakika: komisio mbili, barabara, mlinzi. Zinabaki 4,210. Unatosha yale fundi na makaratasi wamekuambia, 400 na 150. Zinabaki 3,660. Kisha unatosha pesa ya magonjwa yasiyoonekana. Kwa gari ya miaka zaidi ya 20 sisi sasa tunaweka 500 bila kubishana. Mwisho unatosha faida unayoitaka, na faida hiyo isiwe chini ya kile muso ingepata bila kutoka nyumbani. Tuliandika 400. Zinabaki 2,760.

Hiyo 2,760 ndiyo bei ya mwisho ya kumupa mwenye gari Uvira. Akisema 2,800, munaamkiana kwa heshima munapanda basi. Sisi tulilipa 3,000 na tukajivuna kwamba tulishusha 200. Na tuseme wazi, kwa magonjwa yote tuliyokuta, hata kwa 2,760 tungebaki na 80 tu mkononi. Gari iliyolala ndani ya maji haina bei nzuri. Dawa yake ni kuivuta mkanda na kuiacha pale.

Wako wandugu waliotuambia: basi musingeuzisha, mungeifanya taksi ya Baraka na Fizi. Labda. Lakini hiyo ni kazi nyingine, na ile milima ya kupanda Fizi inajua kula amortisa kupita mnunuzi yeyote.

Maoni yetu sisi wa kamati ya wafanyakazi ni haya, na tunajua yatawaudhi watu fulani. Pesa ya muso au ya kikundi cha shimo isitoke kununua gari mpaka fundi aliyelipwa na kikundi chenyewe aiangalie, na mpaka namba ya bati, namba ya karti rozi na namba ya duane zisomwe kwa sauti mbele ya watu wawili, herufi kwa herufi. Mwenye jina kwenye karti rozi awepo, au hati zote za katikati ziwepo. Hakuna hati, hakuna pesa, hata kama gari ni nzuri namna gani, hata kama komisioneri anasema kuna mtu mwingine anakuja saa nane na pesa taslimu. Huyo mtu wa saa nane tumemungoja mara nyingi, hatujamuona bado.

Juu ya komisio, hatudai ifutwe. Tunadai ijulikane. Komisioneri achague upande mmoja wa kulipwa, kiasi kiandikwe kwenye karatasi mbele ya gari kuonyeshwa kwa mtu, na siku ya malipo wakae watatu kwenye meza moja, mnunuzi ahesabu pesa mbele ya mwenye gari. Komisioneri anayekataa kukaa kwenye meza hiyo ametuambia tayari anachotaka kufanya. Wengine watasema kwamba hivyo watakosa makomisioneri. Tulizungumza na wawili wa Baraka. Mmoja alikasirika, mwingine alisema angependelea asilimia sita ya wazi kuliko tano na ugomvi. Sita kwa 5,000 ni 300. Tungepokea 4,700 safi na tungemaliza na hasara ya 20 pahali pa 160.

Karatasi ya mama imenakiliwa kwa mkono mara nne. Moja iko kwake Baraka, tatu zimepanda kwenye machimbo. Kikundi kinachotaka kwenda Uvira mwezi wa sita unaokuja kije kwanza kuinakili, na kije na kalamu yake, sababu zetu zinapotea.